Utangulizi wa mgeni kwenye podikasti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaoendesha podikasti za mahojiano kwa Kiswahili, hasa wale wanaofanya kazi yote wenyewe: kualika, kurekodi, kuhariri na kupandisha. Yanahusu kipande kimoja tu, yaani maneno anayosema mwendeshaji peke yake kabla mgeni hajafungua mdomo.

Utangulizi uwe na urefu gani?

Dakika moja, na ukizidi sana, moja na nusu. Kwa Kiswahili cha kawaida hiyo ni kama maneno 110 hadi 180, kutegemea kasi yako. Usifuate hesabu za maneno unazokuta kwenye miongozo ya Kiingereza, maana maneno yetu ni marefu na kwa dakika tunasema machache. Njia ya uhakika ni kusoma ulichoandika kwa sauti, saa ya simu ikikimbia pembeni.

Wengi wanaolalamika kwamba dakika moja haitoshi wamejaza mambo ambayo si utangulizi wa mgeni: salamu kwa wasikilizaji wa mikoa yote, historia ya kipindi, ombi la kufuatwa mtandaoni, shukrani kwa mdhamini. Tangazo la mdhamini lina nafasi yake, na wakati mwingine mkataba unasema liwe mwanzoni. Hayo mengine yapeleke mwisho. Mtu aliyesikiliza hadi mwisho ndiye atakayekubali kukufuata, si yule ambaye bado hajajua anasikiliza nini.

Niuandike kabla ya mazungumzo au baada?

Andika mara mbili. Rasimu ya kwanza iandike kabla ya kukutana na mgeni, kutokana na utafiti wako. Rasimu hiyo haitasikika hewani. Inakulazimisha ujue jina lake kamili, vyeo vyake na miaka yake, na inakuonyesha unachomtarajia aseme. Ya pili iandike baada ya kuhariri mazungumzo, ndiyo uirekodi.

Sababu ni kwamba mazungumzo hayaendi ulikopanga. Ulimwalika mhandisi kuzungumzia daraja, akatumia nusu saa kueleza jinsi wavuvi wa eneo lile walivyomfundisha mkondo wa maji. Utangulizi ulioandikwa kabla utamwahidi msikilizaji daraja, naye ataketi akilisubiri.

Kuandika baada kuna hatari yake. Sasa umeshasikia kila kitu, na kile kilichokugusa zaidi ndicho ulimi wako unachokimbilia. Uhondo mwingi humalizwa hivyo, na mtu ambaye hana nia mbaya ila ana furaha tu.

Wapo wanaosoma utangulizi papo hapo, mgeni akiwa ameketi mbele yao. Inawezekana, lakini tazama kinachotokea: mgeni anasikia wasifu wake ukisomwa, anaona haya, anakatiza kwa "ah, unanisifu mno", au anasahihisha mwaka, au mbaya kuliko yote, anaanza kusimulia kisa ulichokitaja kabla hujamwuliza. Mimi mbele ya mgeni husema tu "karibu sana", kisha swali la kwanza. Utangulizi naurekodi peke yangu baadaye.

Kumaliza uhondo ni nini hasa? Si lazima niseme kipindi kinahusu nini?

Lazima useme. Kuficha kila kitu si ufundi, ni kumsumbua msikilizaji. Kuna tofauti kati ya mambo matatu ambayo waendeshaji wengi huyachanganya.

La kwanza ni usuli: mambo ambayo msikilizaji asipoyajua hataelewa mazungumzo. Mgeni ni nani, anatoka wapi, alifanya nini kinachomfanya awe hapa, na mazingira ya wakati ule yalikuwaje. Haya yatoe bila woga, hata yakiwa ya kusisimua. Ukiyaacha, mgeni atalazimika kuyaeleza mwenyewe kwa dakika kumi za mwanzo, na huwa anayaeleza vibaya kwa sababu kwake ni mambo ya kawaida.

La pili ni swali ambalo mazungumzo yanalifuata. Hilo nalo liseme, kwa sababu ndilo linalomshika msikilizaji.

La tatu ni jibu: sababu aliyoitoa mgeni, siri aliyoifungua, pale sauti yake ilipobadilika, mzaha aliomalizia nao. Hilo ni mali ya mgeni, aliseme kwa kinywa chake na kwa wakati wake.

Kipimo rahisi ni kumsomea mtu ambaye hajasikia mazungumzo utangulizi wako, kisha umwulize: "Unadhani atajibu nini?" Akikupa jibu lenyewe, umeshamaliza uhondo. Akisema "sijui, lakini ningependa kusikia", uko sawa. Akiuliza "huyu ni nani kwani?", umeficha mno.

Nipe mfano wa kweli, hatua kwa hatua.

Tuchukue mgeni ambaye habari zake ziko wazi kwa kila mtu: Filbert Bayi, mwanariadha wa Tanzania. Sijamhoji. Namtumia kwa zoezi hili kwa sababu maisha yake ya michezo yana kila aina ya mtego wa utangulizi.

Haya ndiyo utakayokuta ukifanya utafiti. Alizaliwa mwaka 1953, maeneo ya Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alishinda mita 1500 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyemfuata, John Walker wa New Zealand, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Agosti ya mwaka huo huo Walker akaichukua. Mwaka 1976 Olimpiki ikawa Montreal, Kanada, na Tanzania haikushiriki, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi huku New Zealand ikiruhusiwa kushiriki Olimpiki. Walker alikwenda Montreal na kushinda dhahabu ya mita 1500. Mwaka 1980, Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Baadaye akawa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania na akaanzisha shule.

Mwendeshaji mwenye haraka ataandika hivi:

*"Habari zenu wasikilizaji, leo tuna mgeni mkubwa sana asiyehitaji utambulisho. Si mwingine bali ni Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953, mshindi wa dhahabu Jumuiya ya Madola 1974, mvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 na ya maili moja, mshindi wa medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980, katibu mkuu mstaafu wa Kamati ya Olimpiki, mwanzilishi wa shule. Atatueleza kwa nini alikuwa anaongoza tangu mwanzo wa mbio, jinsi alivyoumia kukosa Montreal, na jinsi anavyojivunia medali ya Moscow. Usikose hadi mwisho!"*

Hapo hakuna kosa la tarehe, ila hakuna anayeweza kukumbuka chochote. Sikio limepewa miaka na vyeo mfululizo, kisha likaambiwa mapema mgeni anajisikiaje. Ukishasema "alivyoumia", umemwekea maneno mdomoni. Labda hakuumia. Labda aliunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote. Hayo ni yake kuyasema.

Sasa tupunguze. Swali la kwanza kwangu ni hili: kati ya yote haya, ni jambo gani moja ambalo msikilizaji wa miaka ishirini na mitano lazima alijue ili mazungumzo yamshike? Mimi nachagua Christchurch na Montreal, kwa sababu zinafungana: mpinzani aliyeachwa Christchurch alitoka nchi ile ile ambayo miaka miwili baadaye ilikuwa chanzo cha mgomo. Rekodi ya maili naiacha. Moscow naiacha. Shule naiacha. Zote zitatokea ndani ya mazungumzo, na zikitokea zitakuwa mpya. Tarehe ya kuzaliwa haina kazi hapa.

Je, niseme kwamba alishinda? Hapa watu hubishana. Kwa msikilizaji mzee ni habari ya miaka mingi, kwa kijana ni mpya. Naona ni bora kulisema. Mazungumzo hayategemei nani alishinda, yanategemea jinsi mtu anavyoamua kukimbia mbele ya dunia nzima bila kusubiri. Ukilificha tokeo lililo kwenye vitabu vyote vya rekodi, msikilizaji anayelijua atakuona unamchezea.

Na dhahabu ya Walker kule Montreal? Hiyo nisingeitaja. Ni kweli iko wazi nayo, lakini ndani ya mazungumzo ndiyo swali zito kuliko yote: "Ulipomwona Walker akipewa dhahabu ile, ulikuwa wapi?" Ukiitaja kwenye utangulizi, swali linafika limepoa.

Utangulizi wangu ungekuwa hivi:

*"Februari 2, mwaka 1974. Christchurch, New Zealand. Fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bastola inalia, na kijana kutoka Tanzania anakwenda mbele. Hasubiri mzunguko wa mwisho. Hasubiri mtu. Anaongoza mpaka utepe, na anaondoka na rekodi ya dunia. Nyuma yake, kwa chini ya nusu sekunde, ni kijana wa pale pale New Zealand, John Walker.*

*Miaka miwili baadaye dunia ilitaka kuwaona tena, Olimpiki ya Montreal. Haikuwaona. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasema: basi sisi Montreal hatushiriki.*

*Leo tunazungumza juu ya maamuzi mawili. Moja alilifanya yeye, kwenye mstari wa kuanzia. Jingine liliamuliwa na nchi yake. Mgeni wangu ni Mzee Filbert Bayi. Nilianza kwa kumwuliza: kabla bastola haijalia, ulikuwa umeshaamua?"*

Uisome kwa sauti, ni kama dakika moja. Namba ni chache, wasifu una mbio moja na pambano ambalo halikufanyika, na msikilizaji anajua kila anachohitaji ili aelewe jibu la kwanza. Hajui jibu lenyewe.

Kwa nini jina umeliweka mwishoni? Si adabu kumtaja mgeni kwanza?

Sikio hukamata jina likiwa limeshapata mahali pa kuliweka. Ukisema jina kwanza, msikilizaji asiyemjua mtu huyo analipoteza ndani ya sekunde chache. Ukimpa kisa kwanza, anaanza kujiuliza "ni nani huyu?", na jina linakuja kama jibu.

Hiyo si sheria ya kufa na kupona. Kama mgeni anajulikana na kila mtu, na jina lake limeshaandikwa kwenye kichwa cha kipindi, kulichelewesha kunageuka mchezo wa kitoto. Hata kwa Bayi, ukiwa na wasikilizaji wanaopenda riadha, ungeweza kuanza na jina bila hasara. Linalohitajika ni lisikike vizuri, taratibu, na lirudiwe mara moja mapema ndani ya mazungumzo, kwa mtu aliyeingia akiwa kwenye daladala na hakusikia mwanzo.

Na hakikisha unavyolitamka. Mwombe mgeni alitaje mwenyewe ukiwa unarekodi majaribio ya sauti, kisha msikilize tena kabla ya kurekodi utangulizi. Jina la ukoo la mtu wa Bukoba, la Lodwar au la Bujumbura linaweza kuandikwa kwa herufi unazozijua na kutamkwa usivyodhani.

Mgeni amenitumia wasifu wake ulioandikwa tayari. Niusome?

Usiusome. Wasifu ule uliandikwa kwa ajili ya macho, mara nyingi kwa ajili ya kuomba kazi au kuwekwa kwenye kijitabu cha mkutano. Utaujua kwa vyeo vilivyopangwa na koma na sentensi isiyo na mahali pa kupumua. Uchukue kama ghala: toa kitu kimoja au viwili vinavyohusu mazungumzo haya, vingine viweke kwenye maelezo ya maandishi chini ya kipindi, ambako anayevitaka atavisoma.

Kila ulichochukua kihakiki. Wasifu huzeeka, mtu anaweza kuwa alishaondoka kwenye cheo kinachoonekana pale. Mwulize swali moja siku ya kurekodi: "Hadi leo, cheo chako sahihi ni kipi?" Na kama kipindi kitatoka wiki kadhaa baadaye, mwulize tena kabla ya kurekodi utangulizi. Ikiwa mambo yamebadilika kati ya mazungumzo na kutoka kwa kipindi, liseme hilo waziwazi: "Tulipozungumza alikuwa bado mkuu wa idara." Sentensi hiyo moja inakuokoa na barua nyingi.

Mgeni wangu hana jina kubwa. Niseme nini ili asikilizwe?

Hapa wengi hukimbilia sifa: mahiri, mashuhuri, gwiji, nguli. Msikilizaji ambaye hajawahi kumsikia nguli huyo anajua mara moja kwamba unamtia chumvi. Badala yake sema kazi anayoifanya kwa undani kidogo kuliko ilivyozoeleka. "Fundi wa majahazi" ni jina la kazi tu. "Anatengeneza majahazi Kizingitini, na ubao wa mkuku huuchagua msituni mti ukiwa bado umesimama" ni mtu. Sifa hukuitaja, lakini msikilizaji ameshaiona.

Kitu kimoja cha hivyo kinatosha. Vikiwa vitatu, umeanza kumsimulia badala yake.

Mgeni wa aina hii ndiye anayenufaika zaidi na utangulizi mzuri, na ndiye ambaye waendeshaji humwandalia kidogo zaidi. Mwanasiasa anakuja na umaarufu wake mwenyewe. Ukikosea, watu watamsikiliza tu.

Nimwite Mzee, Dokta, Bi au jina tupu? Na shikamoo niiweke wapi?

Mwite kama ambavyo ungemwita akiwa mbele yako, mradi akubali. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia ukosefu wa heshima haraka kuliko kosa la sarufi, na kijana anayemtaja mtu wa miaka sabini kwa jina tupu atapoteza watu kabla ya swali la kwanza. Lakini kuitwa "Mzee" hakumpendezi kila mtu. Wapo wanaopenda "Mwalimu" kwa sababu walifundisha, "Kapteni" kwa sababu ya jeshi au ya bahari, na akina mama wengine hupenda "Mama" fulani wakati wengine wanataka cheo chao cha kazi. Uliza mapema. Na cheo ulichokitumia kwenye utangulizi kitumie vilevile ndani. Ukianza na "Profesa" kisha ukaendelea na "kaka", inasikika kana kwamba mlikosana au mlipatana katikati.

Vyeo visirundikwe. "Mheshimiwa Balozi Dokta" kinafaa kwenye itifaki ya mkutano. Kwenye sikio chagua kimoja, kile kinachohusu mazungumzo.

Shikamoo iache ndani ya mazungumzo, kwa sababu inahitaji marahaba. Ukiisema kwenye utangulizi uliorekodiwa peke yako, inabaki bila kujibiwa, na kwa masikio ya pwani hiyo inasumbua kidogo. Wengine hufungua mazungumzo nayo na kuiacha isikike, kisha swali. Napenda hivyo: sauti ya kwanza ya mgeni inakuwa ya kawaida, haijaanza bado kujieleza.

Naweka kipande cha sauti ya mgeni mwanzoni kabisa, kabla ya utangulizi. Kinamaliza uhondo?

Kikichaguliwa vibaya, ndiyo, na huwa kinachaguliwa vibaya kwa sababu mhariri anachukua sentensi bora ya kipindi kizima. Msikilizaji akifika pale, anasikia kitu alichokwisha kusikia, na dakika arobaini za kumfikisha pale zimepoteza kazi.

Chukua kipande kinachofungua mlango na kukata kabla hajaingia. Sekunde kumi hadi ishirini zinatosha. Mgeni akisema "nikafungua bahasha, nikasoma mstari wa kwanza, nikakaa chini", kata hapo. Kilichoandikwa kwenye bahasha kibaki ndani. Angalia pia kipande kisipotoshe: ukikata "sikuwahi kumsamehe" na kuacha "mpaka alipokuja nyumbani", umemsingizia mgeni kwa maneno yake mwenyewe.

Ukiweka kipande, utangulizi wako upungue. Usikieleze tena, watu wameshakisikia.

Kuna jambo zito ndani ya mazungumzo: kifo, ukatili, kujiua. Nikilitaja namaliza uhondo, nisipolitaja nawaumiza watu.

Tahadhari inatangulia uhondo, bila majadiliano. Ila si lazima useme tukio. Taja aina ya jambo na mahali lilipo: "Katika kipindi hiki kuna maelezo ya ukatili wa kijinsia, kuanzia dakika ya ishirini hivi. Kama una watoto karibu, au jambo hili linakugusa, unaweza kuruka." Hujasema nani, lini wala ilikuwaje. Isome kwa sauti tulivu, bila muziki chini yake, na isifuatwe papo hapo na "lakini kwanza, neno kutoka kwa mdhamini wetu".

Jambo hilo lisigeuzwe chambo. Ukisema "leo atafunguka kwa mara ya kwanza kuhusu kifo cha mwanawe", hiyo si tahadhari tena, ni tangazo la biashara. Muulize mgeni kwa simu kama anakubali jambo hilo litajwe mwanzoni, na kwa maneno gani. Wengi hukubali, mara nyingi wanachotaka ni kutoitwa kwa jina la janga lao.

Mgeni ni binamu yangu, au ameilipa kampuni yangu, au anagombea ubunge. Nalo ni usuli?

Ndiyo, na si la hiari. Sema kwa sentensi moja, bila kujitetea: "Niseme mapema, Salma ni binamu yangu." Msikilizaji atakayeligundua mwenyewe baada ya kipindi kutoka hatakuamini tena kwenye vipindi vijavyo. Kwa mgombea, sema anagombea nini na kupitia chama gani, hata kama mmezungumza juu ya ufugaji wa nyuki.

Nikirekodi utangulizi nasikika kama nasoma taarifa ya habari. Nifanyeje?

Mara nyingi tatizo liko kwenye maandishi. Sentensi ina "ambaye" mbili na "pamoja na kwamba" moja, na hakuna mtu anayezungumza hivyo. Soma kwa sauti, na kila unapojikwaa, vunja sentensi. Kisha mwambie mtu mmoja unayemjua, kwa jina, akilini mwako. Wengine huweka picha yake karibu na maikrofoni, nami sioni cha kucheka hapo.

Upande wa sauti yenyewe, tumia maikrofoni ile ile uliyotumia kwenye mazungumzo, kwa umbali ule ule kutoka mdomoni, kama upana wa kiganja. Ukirekodi mazungumzo sebuleni na utangulizi ndani ya kabati la nguo, watasikia umehama nyumba. Ukihariri, linganisha ukubwa wa sauti wa vipande vyote viwili; wengi hulenga `-16 LUFS` kwa kipindi chote. Muziki uwe bila maneno, uwe chini ya sauti yako kwa desibeli 15 hadi 20, na uishe kabla ya swali la kwanza, ili mgeni aanze kwenye ukimya. Jaribu kwa spika ya simu, si kwa visikizi tu: ukilazimika kukaza sikio kupata jina la mgeni, muziki bado ni mkubwa.

Nimpe mgeni asikilize utangulizi kabla ya kutoka?

Msomee mambo ya hakika: jina, cheo, miaka, mahali. Hayo ana haki ya kuyasahihisha. Swali ulilolichagua na jinsi ulivyolipanga ni kazi yako, na ukimpa nafasi ya kuhariri, vyeo vyote ulivyovitoa vitarudi kimoja kimoja, na chini yake ombi la kuongeza jina la mkurugenzi wake.